Yeye alimzika, mimi nilibaki na maziwa

Kwetu Pemba mtoto aliyezaliwa maiti hacheleweshwi. Akitoka alfajiri, alasiri haimkuti juu ya ardhi. Wanaomzika ni wanaume, na mama yake saa hiyo yuko kitandani hospitali, dripu bado iko mkononi. Matanga ya siku tatu mara nyingi hayakaliwi, na majirani wanaokuja nyumbani hawajui wamekuja kuhani au wamekuja kumtazama mzazi. Mimi ni mkunga, kazi yangu ni wodi ya wazazi, na wanandoa niliowaona wakirudi kwao mikono mitupu ni wengi. Watu husema mume na mke huomboleza tofauti kwa sababu ya maumbile, kwamba mwanamke ana moyo laini na mwanamme ana moyo mgumu. Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini yalipotufika sisi nilichokiona ni kingine. Tulifiwa na mtoto mmoja, na kila mtu alikuwa na mtoto wake.

Mimba ilikuwa ya pili. Binti yetu wa kwanza alikuwa ameshaanza skuli ya maandalizi, na huyu alikuwa ameingia wiki ya 34. Presha ilikuwa imeanza kupanda, dawa nilikuwa nakunywa, na kliniki nilikuwa nakwenda. Usiku mmoja tumbo likaniuma maumivu yasiyokuja na kuondoka kama ya uchungu. Lilikaza tu, likawa gumu halilegei, na damu ikafuata. Kwa kazi yangu nilijua ni nini kabla hatujapata gari. Kondo la nyuma linatakiwa lishike ukuta wa kizazi mpaka mtoto atoke. Likiachia kabla ya wakati, mtoto hukosa hewa, na damu hujikusanya nyuma yake, nyengine haionekani nje kabisa, kwa hivyo mama anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko damu iliyoloa kanga. Presha ya mimba ni miongoni mwa mambo yanayolisababisha. Dakta alipoweka mashine ya utrasaundi tumboni, niligeuza shingo nikatazama skrini mwenyewe. Moyo ulikuwa umesimama.

Hayo ni yangu. Ya mume wangu nilikuja kuyajua baadaye sana. Yeye alikuwa nje kwenye benchi, na muuguzi alimtokea mlangoni akamwambia mambo mawili kwa pumzi moja: mtoto hayupo tena, na mkeo anahitaji damu, tafuta watu. Hakupata nafasi ya kulia hata kidogo. Alikuwa kwenye simu akiwaamsha ndugu zake na kaka zangu, anauliza nani anajua kundi lake la damu. Kwa saa kadhaa alikuwa anangojea maiti wawili, na alipata mmoja. Nilipozindukana vizuri, maneno ya kwanza aliyonambia yalikuwa haya: "Alhamdulillahi umepona wewe."

Sitaki kusema uongo, neno lile lilinikaa moyoni kwa miezi. Mimi nilisikia mtu anayemshukuru Mungu wakati mwanangu bado hajazikwa. Nilisikia hesabu, kwamba yeye katika wawili ametoka na mmoja na imemtosha. Leo nikiwaona wanaume wodini nakwenda taratibu nao, kwa sababu najua mwanamme akisema "bora mama amepona" hajampuuza mtoto. Ametoka kwenye hofu ambayo mkewe, aliyekuwa amelala na dawa, hakuiona. Mke anaamka akiwa na msiba mmoja mkubwa. Mume anakuja na msiba huo huo pamoja na nafuu ya mwengine uliomkwepa, na nafuu ndiyo inayotoka mdomoni kwanza.

Mtoto alikuwa mwanamme. Sikumuona. Mama yangu na wifi yangu waliona ndiyo huruma, wakasema nisionyeshwe nisije nikaumia zaidi. Kwenye kazi yetu suala hili limebishaniwa sana. Ziko tafiti zilizohofia kwamba kumshika mtoto aliyezaliwa maiti kunamzidishia mama msongo, na ziko nyingi zilizowakuta kina mama wanajuta kwa kutomuona. Msimamo unaofuatwa na wengi sasa ni kwamba mzazi aulizwe, aelezwe mtoto yukoje, kisha aamue mwenyewe, na akikataa aulizwe tena baada ya muda kidogo. Mimi sikuulizwa. Alikabidhiwa baba yake, amefunikwa kwa kanga yangu mwenyewe niliyokwenda nayo, na akampakata kwenye gari mpaka nyumbani.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, mimba iliyotimiza miezi minne ikitoka bila ya dalili yoyote ya uhai huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Kwenye kumswalia, wanazuoni wamekhitalifiana juu ya aliyefika miezi sita na kuendelea, na shekhe wetu alisema huyu aswaliwe. Mama mkwe ndiye aliyemuosha, mume wangu akimmiminia maji. Mtoto mdogo hahitaji jeneza, kwa hivyo alimbeba mikononi mpaka makaburini, akashuka mwenyewe ndani ya kaburi, akamlaza kwenye mwanandani. Alirudi hospitali jioni amebadilisha kanzu. Udongo ulikuwa umebaki kwenye kucha zake. Nilimuuliza, "Mmeshamaliza?" Akanijibu, "Tumeshamaliza." Mazungumzo yetu juu ya mtoto yalisimama hapo kwa muda mrefu.

Maziwa yakashuka nyumbani. Hili kina mama wengi hawaambiwi, na linapowakuta hudhani mwili umewafanyia kejeli. Mwili haujui kama mtoto yupo. Kondo likishatoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia maziwa huanguka ghafla, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti hujaa. Inaweza kutokea hata kwa mimba iliyotoka baada ya wiki ya 16 hivi. Nilikuwa nikikaa, mtoto wa jirani analia ng'ambo ya ua, na nguo yangu inaloa. Bibi yangu akataka kunifunga kifua kwa kanga, aivute mpaka pumzi initoke, kama walivyofanyiwa wao. Kumbana mtu namna hiyo kunaumiza na kunaweza kuziba mirija mpaka titi liwake. Kinachosaidia ni sidiria inayoshika vizuri bila kubana, kitambaa cha maji baridi, paracetamol, na kukamua kidogo tu pale yanapouma, usiyamalize, kwa sababu ukiyamaliza mwili unapata ujumbe wa kutengeneza mengine. Ndani ya wiki moja au mbili huwa yamepungua. Likitokea eneo jekundu lenye joto na homa juu yake, hilo ni la kwenda hospitali. Vidonge vya kukausha maziwa vipo, lakini mtu mwenye presha ya mimba kama mimi havimfai.

Na huku nikipambana na maziwa, mama yangu ananiletea uji wa pilipili manga, asubuhi na jioni. Mzazi ni mzazi, alisema, tumbo linataka joto. Nilikandwa maji ya moto kama nilivyokandwa kwa binti yangu, nikafungwa tumbo, nikafukizwa udi, nikakaa ndani arobaini yangu. Kila kitu cha uzazi kilikuwepo isipokuwa mtoto. Sisemi kwamba ilikuwa mbaya. Mwili wangu ulikuwa umevuja damu nyingi na ulihitaji kutunzwa. Lakini kila kinachofanywa kwa mzazi kilikuwa kinanirudisha kwake, saa kwa saa, na mimi sikuwa na pa kwenda.

Juu ya hayo, nilikuwa kwenye nifasi, damu ya baada ya uzazi ambayo mwanamke haswali nayo. Mume wangu alikuwa akiamka alfajiri, anakwenda msikitini, anarudi uso wake umetulia kidogo. Ilikuwa ndiyo dawa yake, na dawa hiyo mimi ilikuwa imefungwa kwangu mpaka nitoharike. Dua na dhikri zilikuwepo, nilizifanya. Mtu aliyezoea kusujudu akipata jambo atanifahamu nikisema hazikuziba pengo lile. Sijawahi kumsikia mtu akilitaja hili tukizungumza kwa nini wanawake "wanachelewa kupoa", nami naona lina uzito wake. Kwa wiki kadhaa mmoja ana mahali pa kuupeleka msiba wake mara tano kwa siku, ana jamaa wa kusimama nao bega kwa bega, na mwengine yuko chumbani.

Kisha karafuu zikaiva. Anayeijua Pemba anajua msimu ukishuka haumngojei mtu, karafuu ikichanua imeshapoteza bei. Mume wangu aliingia shambani kama aliyetumwa. Alikuwa juu ya mikarafuu kuanzia asubuhi, jioni pishi zinapimwa, usiku ukumbi mzima unachambua makonyo chini ya taa, kukipambazuka zinaanikwa, likitanda wingu watu wanakimbizana na majamvi. Alichuma hata mashamba ya watu ambayo mwaka uliopita aliyakataa. Nikiwa kitandani nilisikia vicheko vyao ukumbini, naye akiwemo. Akiingia chumbani ananukia karafuu, ananiuliza kama nimekula, anageukia ukutani na kulala. Nilimwambia usiku mmoja, "Wewe hujafiwa." Hakujibu. Alichukua mto wake akalala ukumbini pamoja na magunia.

Na yeye alikuwa na yake juu yangu. Aliona kila anayekuja namsimulia upya: lilipoanza tumbo, gari ilivyochelewa, dakta alivyosema. Kwake ilikuwa kama namfukua mtoto aliyemlaza kwa mikono yake. Alikuwa akitoka ndani kila nikianza. Wageni nao walitugawa zaidi bila ya kukusudia. Mimi nilikuwa naambiwa "Mungu atakupa mwengine" na "afadhali hamjamzoea", maneno yanayochoma, lakini angalau nilikuwa nasemeshwa. Yeye kila aliyekutana naye barazani alimuuliza jambo moja: "Mkeo hajambo?" Sikumbuki kama kuna mtu aliyemuuliza yeye hajambo. Sikumuuliza hata mimi.

Miaka ya baadaye, kwenye mafunzo ya kazini, tulifundishwa maelezo ya wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema aliyefiwa ana kazi mbili. Moja ni kuukabili msiba wenyewe: kulia, kumkumbuka marehemu, kuulizana kwa nini. Ya pili ni kuyakabili maisha yaliyobadilika: kazi, fedha, watoto waliobaki, nyumba kuendelea. Mtu mzima wa afya huenda na kurudi baina ya hizo mbili, leo huku kesho kule, hata ndani ya saa moja. Anayebaki upande mmoja tu bila ya kuvuka ndiye wa kumuangalia. Nilipoyasikia niliwaza ukumbi wetu na magunia ya karafuu. Sisi tulikuwa tumegawana. Mimi nilipewa kulia, yeye akapewa kazi, na mila na mwili wangu na msimu vyote vilisaidia kumfungia kila mmoja upande wake. Na hapo kila mmoja akamhukumu mwenziwe kwa ule upande ambao hakuwa na nafasi ya kwenda.

Wala si lazima mke awe wa kulia na mume awe wa kazi. Kwa kaka yangu, walipofiwa nao na mtoto, ilikuwa kinyume. Mkewe, mwalimu, alirudi skuli mara tu alipopata nguvu na hakutaka jambo hilo litajwe mbele yake, wakati kaka yangu alikuwa akija kwetu anakaa jikoni na mama analia mpaka chakula kinaungua. Watu walimsema wifi yangu kwamba ana roho ngumu. Kama ni mwanamme aliyefanya vile, wangesema ni mvumilivu.

Kwetu mambo yaligeuka pale ambapo nilidhani yamekwisha. Arobaini ikapita, nikarudi kazini, nikaanza kuswali, kucheka kukanijia siku moja bila ya kutafutwa. Karafuu zikauzwa. Mume wangu akakosa cha kuchuma. Ndugu yake mdogo alipata mtoto wa kiume na tukaalikwa akika. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, mtoto ananyolewa nywele, nikamtafuta mume wangu kwenye kundi la wanaume simuoni. Ami yake alimkuta nyuma, chini ya mikarafuu, amekaa kwenye majani anatetemeka. Baada ya siku ile hakuwa akilala. Alikuwa mkali kwa binti yetu kwa vitu vidogo, na chakula anakigusa tu. Huzuni ya kina baba huja hivi mara nyingi, imechelewa, imevaa hasira au usingizi uliokimbia, na inakuja wakati mke ndiyo kwanza anapata pumzi, kwa hivyo mke anaona anarudishwa shimoni. Mimi niliona hivyo. Nilijiambia: sasa ndiyo analia? Alikuwa wapi?

Ami ndiye aliyekaa naye. Ni mzee wa maneno machache. Alimkumbusha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim ambaye alikuwa bado ananyonya. Alilia mbele ya masahaba, na alipoulizwa alisema jicho linatoa machozi, moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hadithi hiyo mume wangu aliijua tangu chuoni. Lakini yapo mambo mtu huyajua, ila mpaka aambiwe na mwanamme mwenziwe, chini ya mti, ndipo aone yanamhusu.

Baada ya hapo nilijaribu kuzungumza naye na nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nikimuuliza kama tunavyouliza wodini: "Unajisikiaje?" Atajibu nini? "Sijambo." Swali la namna hiyo linamtaka mtu awe na maneno ambayo hajawahi kuyatumia. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, tuko nje kwenye mkeka, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu hospitali: "Alikuwa vipi?"

Akanieleza. Nywele zilikuwa nyingi, zimelala mpaka karibu na nyusi. Kucha zilikuwa zimeshatoka vizuri. Kidole cha pili cha mguu kilikuwa kirefu kuliko gumba, "kama chako hicho". Ngozi ilikuwa safi, haikuwa imeharibika. Hilo mkunga analifahamu, maana yake hakuwa amekaa muda mrefu. Alinambia mama yake alivyokuwa akisoma wakati wa kumuosha. Alinambia alivyokuwa mwepesi kuliko alivyodhani pale alipomnyanyua, na mzito zaidi pale alipotakiwa amuachie. Kisha akanambia jambo ambalo sikulijua kabisa. Kwa Mashafi ni sunna mtoto wa namna ile apewe jina, na shekhe alipomuuliza jina pale makaburini, alimpa. Alimpa peke yake, amesimama na udongo mikononi, na tangu siku ile alikuwa na jina hilo mdomoni bila ya mtu wa kumwambia. Kila Ijumaa kabla ya swala alikuwa anapitia kaburini. Jina lenyewe nitaliacha nyumbani kwetu.

Nilikasirika kwanza. Mtoto wangu ana jina, nami sijui! Kisha akaniuliza na yeye: "Na kule ndani alikuwaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia alikuwa akilala mchana nikiwa kazini na kuanza fujo baada ya Isha, nikishajilaza. Nikamwambia alikuwa akipata kwikwi, tumbo zima linarukaruka kwa mpigo mmoja, na binti yetu alikuwa akiweka sikio kusikiliza. Nikamwambia upande aliopenda kuchomeka mguu, chini ya mbavu ya kulia, ambapo hata leo mkono wangu unakwenda wenyewe. Mume wangu alikuwa anamjua mtoto kwa uso na uzito. Mimi nilimjua kwa mwendo. Tulikaa mpaka umeme ukarudi na tukazima taa tena.

Hatukuwa tunalingana baada ya hapo. Yeye bado huenda kaburini Ijumaa, mimi sina hamu ya kwenda. Mimi nikipata mtu wa kuzungumza naye nitazungumza, na yeye bado hutoka nje, lakini sasa hutoka na kikombe cha chai na hurudi. Hata unyumba, nitasema kwa staha, ulituchukua muda. Yeye alitafuta kuwa karibu kwa sababu ndipo alipopata faraja, mimi mwili ule ule ulikuwa unanikumbusha kila kitu. Wanandoa wengi huachana hapo hapo, kimya kimya, kila mmoja akidhani amekataliwa. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba uwezekano wa kuachana ulikuwa zaidi kwa asilimia 22 kwa waliopoteza mimba changa, na asilimia 40 kwa waliozaa mtoto maiti, ukiwalinganisha na waliopata mtoto hai. Kwa nini, utafiti haukusema. Nina dhana yangu, na nimeshaieleza.

Wodini nimebadilisha vitu vichache. Baba aliye kwenye benchi namwita ndani, naye nampa pole yake mwenyewe, si ya kumpelekea mkewe. Nikimkabidhi mtoto, namwambia: mtazame vizuri, kwa sababu mwenzio ataulizia, pengine si leo. Mama namuuliza kama angependa kumuona, na nikimaliza namwambia juu ya maziwa, tena namwambia mbele ya mumewe, maana mwanamme anayemkuta mkewe analia kwa nguo iliyoloa bila ya kujua kuna nini hubaki ameduwaa. Na nawaambia wote wawili wasiulizane "unajisikiaje", waulizane juu ya mtoto. Kwa aliyekaa wiki kadhaa hali vizuri, halali, au anasema bora angekufa yeye, au mume aliyeanza kulewa na kutorudi nyumbani, swali la mkekani halitoshi na huyo namtafutia dakta.

Mimba changa ndiyo inayonishinda. Iliyotoka wiki ya nane au ya kumi haina uso ambao baba ameuona, haina mwendo ambao mama ameusikia, na haina kaburi lenye alama. Mama alikuwa nayo kwa kichefuchefu, kwa tarehe aliyoihesabu kimoyomoyo. Baba pengine alikuwa ameambiwa wiki moja kabla. Kwake imetoka habari, kwa mkewe ametoka mtoto. Hapo sina swali zuri la kuwapa. Mara nyengine namuuliza baba: ulipoambiwa, ulifikiria nini kwanza? Wengine hutabasamu kidogo na kusema walifikiria chumba, au ada ya skuli, au mbuzi wa akika. Mke akisikia kwamba mumewe alikuwa ameshafika kwenye mbuzi wa akika, humtazama upya.

Sisi suala lililobaki ni la mwengine. Aliyewahi kuachiwa na kondo yuko kwenye hatari zaidi ya hilo kumrudia, na mwenye historia ya presha kama yangu hutakiwa aanze kliniki mapema na aanzishiwe aspirini ndogo kabla ya wiki ya 20, dakta akiona inamfaa. Haya nimemueleza mume wangu zaidi ya mara moja. Mimi niko tayari. Yeye ndiye asiyetaka, kwa sababu mimi sikuiona ile hofu na yeye aliiona, na kila nikitaja mimba anarudi kwenye benchi lile na simu mkononi. Tumekubaliana twende kwa dakta pamoja, aulize maswali yake mwenyewe, halafu tuone. Mama mkwe anadhani ninayekataa ni mimi, na kila akija ananipa nasaha ndefu juu ya umri. Mwanawe hukaa pale pale, anatazama chini, hasemi kitu. Nami sijaona sababu ya kumfichua.